Picha ya mashine ya boti: tusome kibati kabla ya kava

"Nauziwa mashine ya boti Kilwa Kivinje nami niko Mikindani. Nimetumiwa picha ya kava na ya kibati. Kava limeandikwa 40 na lina stika ya mipigo minne, lakini herufi ya kwanza ya kibati imekwanguka. Fundi wangu anasema picha haimwambii mtu kitu. Ni kweli?"

Fundi ana sababu ya kusema hivyo, lakini amezihukumu picha mbili kana kwamba ni moja. Kava ni kifuniko cha plastiki kinachovunjika, kinachopakwa rangi upya na kinachouzwa peke yake, na stika zake hupatikana kwa bei ndogo kwa yeyote anayetaka kuzibandika. Kibati kimetoka kiwandani kikiwa kimekazwa kwenye kibano kinachoshika ubao wa tezi, na kwa mashine za Yamaha hukaa upande wa kushoto wa kibano hicho. Anayeamini kava anaamini kitu ambacho muuzaji yeyote anaweza kukibadilisha mchana mmoja, ilhali anayesoma kibati kwa utulivu anapata majibu ya maswali mawili aliyokuwa nayo, yaani daraja la nguvu na aina ya mipigo.

Maswali hayo yana majibu kwa sababu watengenezaji wameyaweka ndani ya jina la mashine lenyewe. Suzuki huanza na DT kwa mipigo miwili na DF kwa mipigo minne. Tohatsu hutumia M kwa miwili na MFS kwa minne. Honda ya BF ni ya mipigo minne. Kwa Yamaha, ambayo ndiyo imejaa katika fukwe zetu kuanzia Kilwa hadi Msimbati, F iliyotangulia namba ni mipigo minne, na E ni Enduro, mashine ya mipigo miwili inayochanganyiwa oili kwenye petroli. Namba inayofuata ni nguvu za farasi, na herufi za nyuma hueleza namna ya kuwasha, mkono wa kuendeshea na urefu wa mguu.

Sasa tuitazame mashine ya Kivinje. Herufi iliyokwanguka ndiyo hasa iliyokuwa itenganishe E na F, na ni rahisi kukata tamaa hapo, lakini kibati hakina neno moja tu. Kilichobaki kinasomeka 40X, kisha MH, kisha L, na katika kisanduku cha pembeni kuna alama 66T. MH ni kuwasha kwa kamba na kuendesha kwa mkono, na L ni mguu mrefu. Hizo hazitatui ubishi, kwa kuwa mashine ya mipigo minne nayo inaweza kuwa nazo. X iliyofuata 40 ndiyo inayoanza kuelekeza kwenye E40X. Alama ya 66T inalikamilisha jambo, kwa sababu ni alama ya kiwanda ya familia ya 40X, yaani silinda mbili, takriban sentimita za ujazo 703, mipigo miwili. Muuzaji anaweza kubandika stika, lakini ni nadra mtu akumbuke kuibadilisha 66T.

Baada ya hapo ndipo picha ya kava inapopewa nafasi, nayo inakubaliana na kibati. Mashine ya mipigo minne ya daraja hilo ina kichwa kinene zaidi kutoka mbele hadi nyuma, kwa kuwa inabeba vali, mkanda wa meno na oili yake yenyewe, na uzito wake hupita kilo 90, wakati E40X iko kwenye kilo 70 na ushee. Kava la picha hii ni jembamba, na mstari linapokutana na bakuli la chini umenyooka bila mwanya, jambo linaloonyesha kuwa kava ni la mashine hiyohiyo. Kwa hiyo kilichopachikwa ni stika peke yake.

Hoja ya fundi iliyo nzito kuliko zote ni nyingine, nayo lazima ikubaliwe: kibati kiko kwenye kibano, wala si kwenye kichwa cha mashine. Kichwa kikifa na kingine kikawekwa juu ya mguu uleule, kibati kitaendelea kuelezea kichwa kilichoondoka. Vilevile picha haionyeshi mgandamizo wa silinda wala njia za maji zilizoliwa na chumvi. Ninachomkatalia ni kudai kuwa, kwa kuwa picha haijibu hayo, basi haijibu lolote. Kwa kichwa kilichobadilishwa, dawa ni picha ya tatu, kava likiwa limefunuliwa. Ukiona kijiti cha kupimia oili na kifuniko cha kujazia oili juu ya injini, ni mipigo minne. Lakini tangi dogo la oili lililo pembeni lisikudanganye, kwani zipo mashine za mipigo miwili zinazobeba oili katika tangi lake na kuichanganya zenyewe.

Nasisitiza aina ya mipigo kuliko nguvu kwa sababu makosa yake hayalingani. Tuseme mnunuzi anaamini stika, anajaza lita 20 za petroli tupu na kuelekea Msimbati. Katika mashine ya mipigo miwili, oili iliyo ndani ya petroli ndiyo pekee inayolainisha pistoni, ukuta wa silinda na beringi za kranki. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, lita hizo 20 zilihitaji mililita 400 za oili. Bila hizo, pistoni inapata joto, inakwaruza silinda na kushika, na mashine inazimika mbali na nchi kavu, pengine mkondo ukiwa unatoka. Kosa la kinyume ni jepesi zaidi: petroli yenye oili ikiingia kwenye mipigo minne, kutakuwa na moshi na plagi zitachafuka, lakini tangi moja halitaiua mashine iliyo na oili yake chini. Ndiyo maana, pale kibati kinaposhindikana kabisa na picha ya tatu haipatikani, aina ichukuliwe kuwa mipigo miwili mpaka kichwa kithibitishe vinginevyo.

Kwenye nguvu, mipaka ya picha ni ya namna nyingine. Yamaha za mipigo miwili za 9.9 na 15 zimejengwa juu ya ujazo uleule wa sentimita 246 na kava lileile, hivyo bila kibati jibu la haki ni "kati ya 9.9 na 15", na bei ijadiliwe kama ya 9.9. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huandikwa kilowati, na hapo watu husoma 29.4 wakadhani ni 30. Izidishe kwa 1.36 upate 40, kama vile 11 inavyokuwa 15.

Kwa hiyo mwambie muuzaji akifute kibati kwa kitambaa chenye maji baridi, apake chaki kwenye alama zilizogongwa, kisha akipige picha simu ikiwa imekielekea moja kwa moja, jua likitokea pembeni na bila taa ya simu. Hapo huenda hata herufi iliyokwanguka ikaacha kivuli chake. Akikataa pia kufunua kava, mpe bei ya E40X ya mipigo miwili ambayo kichwa chake hakijathibitishwa, na safari ya Kivinje uifanye ukiwa na fundi wako na kipimo cha mgandamizo.