Kisanduku cha dini kwenye fomu ya shule

Fomu ya kumwandikisha mtoto shule ya serikali huku Ujerumani mara nyingi ina kisanduku cha kuuliza dini yake. Kinakera. Sisi Watanzania tumekua tukiambiwa serikali haina dini. Sasa inataka kujua ya nini?

Inataka kujua kwa sababu ya ratiba. Ibara ya 7 ya Katiba yao ya 1949 inaifanya dini somo la kawaida katika shule za umma, lenye maksi kwenye ripoti kama hesabu. Serikali inasimamia somo, na kwa kawaida ndiyo inayomlipa mwalimu, ila mafundisho yenyewe lazima yaafikiane na dhehebu. Mwalimu wa somo la Kikatoliki anaweza kuwa na shahada na ajira ya serikali, lakini bila idhini ya askofu hafundishi.

Nawasikia: "Kumbe wao ndio wana dini serikalini, halafu unatuletea maringo!" Ngojeni basi. Tazameni mlango wa kutokea. Mwanafunzi wa jimbo la Hessen akishafika miaka 14 anaandika barua mwenyewe kwa mkuu wa shule, anajitoa, anahamia somo la maadili na kupata maksi zake huko. Wazazi hawaombwi ruhusa. (Bavaria wanasubiri afike 18, lakini Bavaria ni Bavaria.)

Kwetu Tanzania Ibara ya 19 inasema kueneza dini ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya mamlaka ya nchi. Safi kabisa kwenye karatasi. Darasani, ustadhi anakwenda chumba hiki, katekista kile, na nauli isipopatikana watoto wanacheza mpira. Alichofundisha, nani amekikagua? Na yule asiye wa chumba hiki wala kile, anakaa wapi dakika arobaini? Barua ya kujitoa hana wa kumwandikia, maana hakuna aliyemwandikisha.

Msiniambie nimelewa mkate wa Wazungu. Mfumo wao una tundu kubwa: serikali hairuhusiwi kutunga mafundisho ya dini yenyewe, kwa hiyo inahitaji jumuiya ya kukaa nayo mezani. Makanisa yana maaskofu; Waislamu hawana ofisi moja ya kuwasemea wote. Hessen ilianza somo la Kiislamu mwaka 2013 na jumuiya mbili, kisha 2020 ikasimamisha ushirikiano na mojawapo, DITIB, kwa shaka kwamba Uturuki inaielekeza. Mambo yakaishia mahakamani. Ustadhi wetu hajawahi kuulizwa anasemea jumuiya gani. Anashuka kwenye bodaboda, anaulizia chaki, anaanza.