Habari za Nyumbani, za Watoto, za Mfukoni

Jamani, leo nimesalimiwa mpaka uji umepoa. Hapa Mwanga, Kigoma, mtu akikuuliza habari za asubuhi akapita zake, huyo hana shida nawe. Akiuliza za nyumbani, ni ustaarabu. Akifika kwa shangazi yako wa Kasulu, shika mfuko.

Na msimu wenyewe ndio huu. Mbalamwezi imetoka, taa hazivuti dagaa ziwa likiwaka lote, mitumbwi iko nchi kavu. Mpaka giza lirudi, mtaa mzima una heshima. Hata kinyozi kanipa mkono.

Sasa jirani yangu mvuvi. Tumekua pamoja, na dagaa wakitoka huniita "we bwana". Leo kaja na shikamoo! "Marahaba" ikanitoka kabla sijashtuka.

"Za kuamka, mzee?"
"Nzuri."
"Mama Neema?"
"Mzima."
"Watoto?"
"Wazima wote."
"Kazi?"
"Tunamshukuru Mungu."

Nimekwisha. Nimetoa ushahidi kwa mdomo wangu kwamba hakuna mgonjwa na kazi inakwenda; nitaanzia wapi kusema sina? Wenye akili hujibu mapema: "Nzuri kidogo, ila mtoto kalala na homa, na ada wanaidai." Mgeni mwenye adabu anasema pole, ombi analimeza, anaondoka. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyenyimwa, kesho mnakutana sokoni bila kukwepana. Salamu ndefu ni ya kupimana hivyo. Lakini mdomo wangu ukiulizwa unajibu "nzuri" wenyewe, hata nikiwa na jino linaniuma.

"Nilikuwa napita tu," akasema. Anapita kwenda wapi? Nyumba yangu ndiyo ya mwisho, mbele ni mihogo ya watu! Halafu akatazama juu. "Naona bati jipya. Hongera." Ndugu yangu, mtu akishasifia bati, amekwisha kupiga hesabu ya kilichobaki. Kimya. "Enhe, lakini wazima?" Salamu ikaanza raundi ya pili.

Hatimaye akainuka. "Basi, ngoja nikuache." Nikapumua, nikashika kikombe. Usishike kikombe! Ombi lenyewe linakaa mlangoni, mguu mmoja ukiwa nje, ili akinyimwa aonekane alikuwa anaondoka. Akavaa ndala, akakuna kisogo.

"Ila kuna jambo dogo, mzee wangu."

Elfu hamsini, hadi giza. Nikatoa ishirini. Si angesema tangu getini nikanywa uji wa moto? Akapokea kwa mikono miwili, akaniulizia kuku! Kuku gani? Paka wa nyumba ya juu kamaliza vifaranga, na kila nikienda kumshtaki, mwenye paka ananikaribisha kiti, namuulizia watoto, namuulizia kazi, namuulizia mpaka mama mkwe, halafu nasema nilikuwa napita tu.