Maswali 5 yanatosha

"Je, mtoto wa darasa la sita apewe kazi nyingi za nyumbani ili afaulu?"

Hapana. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Mtafiti Harris Cooper na wenzake walipochambua tafiti za Marekani mwaka 2006, waliona kazi za nyumbani zinaendana na ufaulu zaidi kuanzia darasa la saba kwenda juu kuliko madarasa ya chini. Sababu mojawapo naiona kwenye madaftari. Mtoto ambaye hakuelewa hesabu za sehemu anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5: amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Mpe maswali 30, atarudia kosa lilelile mara 30, na kufikia asubuhi limeshaota mizizi. Maswali 5 yangeonyesha tatizo hilohilo, na mwalimu mwenye watoto 80 angeweza kuyasahihisha kweli, siyo kupiga vema tu.

Na nyumbani je? Saa tatu usiku mtoto anasinzia juu ya daftari, mama anammalizia ili kesho asichapwe. Hata kuulizana habari za siku hakuna. Wazazi wenzangu, mtoto akikwama msimfanyie. Andikeni pembeni "hapa hakuelewa", mwalimu ajue pa kuanzia.