Ukavu si Upishi: Acheni Kumpa Mtoto Bakuli la Keki Alambe

Kuna ushauri unaosambazwa kwenye magrupu ya wapika keki hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Kirumba, na kila ukipita unapigiwa makofi: "Keki isiyo na mayai, mpe mtoto alambe mwiko bila wasiwasi." Ushauri huo ni mbaya na unaniudhi sana, kwa sababu anayeutoa ana nia njema na anayeupokea anampenda mwanawe. Wote wawili wanadhani hatari ya uji wa keki ni yai peke yake. Yai bichi kweli lina hatari yake, bakteria wa salmonela, na hilo watu wanalijua. Wasilolijua ni kwamba ukiliondoa yai, kwenye bakuli bado kuna chakula kibichi kingine, nacho ndicho kingi kuliko vyote. Ni unga.

Mtu akiambiwa unga ni mbichi anashangaa. Umetoka kiwandani, mweupe, mlaini, umefungwa kwenye pakiti, unakaa kabatini miezi. Basi twende kidogo soko la samaki la Mwaloni. Dagaa wameanikwa juani mpaka wamekauka na wanalia kama majani makavu. Je, wamepikwa? Hakuna mtu wa kanda hii atakayekujibu ndiyo. Unawatoa vichwa, unawaosha kwa maji ya moto mara mbili tatu mchanga utoke, ndipo unawakaanga. Kila mmoja wetu anajua kwamba jua limewakausha tu. Ngano nayo imekaushwa, ikasagwa. Hakuna mahali katika safari yake ilipokutana na moto wa kuua kitu.

Safari yenyewe ni hii. Ngano inakaa shambani miezi, ndege wanaipitia, wanyama wa porini wanaipitia, na samadi au maji machafu yanaweza kuifikia. Kiwandani inapepetwa na kuchujwa mawe, mabua na vumbi. Kisha inanyunyiziwa maji kidogo na kuachwa saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha, ili ganda lilainike na litoke kwa urahisi likiwa pumba. Baada ya hapo ni kusaga, kuchekecha na kufunga. Bakteria wengi huwa kwenye ganda, kwa hiyo kuondoa pumba kunapunguza idadi yao, lakini hakuwamalizi, maana vinu vilevile vinavyobandua ganda ndivyo vinavyosaga kiini. Mchele unauchagua, unauosha, unauchemsha. Unga wa ngano hauoshwi na mtu yeyote, wala hauwezi kuoshwa.

Wala ukavu hauwaui bakteria hao. Ndani ya unga mkavu bakteria hawazaliani kwa sababu hawapati maji, ila wanaweza kukaa hai kwa miezi wakiwa wametulia. Ukimimina maziwa na sukari umewaamsha. Donge la maandazi lililowekwa hamira na kufunikwa pembeni ya jiko mpaka liumuke lina unyevu, lina joto, na lina chakula cha kutosha kwao.

Mwaka 2016 Marekani walilipata jambo hili kwa uchungu. Watu 63 katika majimbo 24 waliugua kwa bakteria waitwao E. coli, wa aina mbaya, ile inayotoa sumu. Wachunguzi waliwauliza wagonjwa walichokula, na jibu lililojirudia lilikuwa kuoka nyumbani na kuonja donge bichi. Baadhi ya watoto hawakuwa wameoka kitu: walikaa mgahawani na wazazi wao, wakapewa kipande cha donge wachezee wakati chakula kikisubiriwa. Unga uliobaki kwenye mifuko majumbani ulipimwa, na bakteria wakakutwa wanafanana na wa wagonjwa. Nyuzi zote zikarudi kwenye kiwanda kimoja mjini Kansas City. Ulikuwa unga wa kawaida wa kiwanda cha kisasa, wala haukuwa umeoza au kupitwa na wakati. Usingeweza kuutambua kwa macho, kwa pua wala kwa ulimi.

Ninakubali, ingawa si kwa furaha, kwamba mara nyingi ukilamba mwiko hakuna kitakachotokea. Mifuko mingi haina bakteria hawa, na wakiwemo hawaenei sawasawa: kijiko kimoja kinao, cha pembeni hakina. Ndiyo maana "mbona sisi tumelamba tangu utoto" si ushahidi wa chochote. Ila ukimkuta aliyeathirika hutasema tena hivyo. E. coli hiyo haihitaji wingi ili imwangushe mtu. Siku tatu au nne baadaye mtoto anashikwa na tumbo kali na kuharisha, mara nyingi kuharisha damu. Kwa wachache, hasa walio chini ya miaka mitano, karibu wiki moja baada ya kuanza kuharisha sumu ile inaharibu chembe nyekundu za damu na kuumiza figo: mkojo unapungua, mtoto anapauka, anavimba uso. Mtoto anayeharisha damu apelekwe hospitali, na asipewe dawa ya kufunga tumbo wala antibayotiki za kununua dukani, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari.

Wengine wanasema watauchekecha unga. Tundu la chekecheo ni pana mara mamia kuliko bakteria. Wengine wanaukaanga unga mkavu kwenye sufuria mpaka unukie. Hili linaeleweka, lakini si la kutegemea: bakteria wakiwa wakavu wanastahimili moto kupita kawaida. Joto la nyuzi 70 linalowamaliza upesi ndani ya supu, kwenye unga mkavu linaweza kuendelea saa nzima na baadhi wakabaki. Halafu unga wa chini unaungua wakati wa juu bado vuguvugu. Friji nayo haiwaui.

Sasa mpishi anauliza, nitajuaje sukari imekolea? Onja kabla ya unga. Kwa maandazi ya kilo moja ya unga, koroga sukari, tuseme gramu 150, pamoja na iliki na chumvi kwenye nusu lita ya maji au maziwa ya vuguvugu yaliyokwisha kuchemshwa, kisha onja hapo. Utamu uwe umezidi sana wa chai, maana sukari hiyo itakwenda kusambaa kwenye donge la zaidi ya kilo moja na nusu. Ukitaka uhakika zaidi, kata kipande kimoja, kikaange mpaka kiive ndani, ukile. Kwa keki, chukua kijiko kimoja cha uji, kimwage kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, kigeuze kama chapati ya maji mpaka kisibaki na majimaji. Ladha ya limau, vanila na sukari utaipata yote.

Keki ya jiko la mkaa nayo iangalieni. Mkaa wa juu ukizidi, uso unakuwa kahawia wakati katikati bado ni uji. Choma kijiti katikati kabisa, si pembeni. Kikitoka na utelezi, punguza mkaa wa juu na uirudishe, kwa sababu kile kitovu chenye kung'aa ni unga mbichi bado.

Na kibao cha chapati kisigeuzwe cha kachumbari mpaka kioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Ule unga wa kunyunyizia uliobaki juu yake utashika kwenye nyanya, na nyanya ya kachumbari haipikwi.