Lanet, Kiamunyi na meno ya kahawia

"Tuna kliniki ya meno Nakuru mjini. Kijana anayetutengenezea tovuti anataka kurasa 24, moja kwa kila mtaa: Lanet, Kiamunyi, Free Area, Section 58 na kuendelea. Mwenzangu anasema kurasa za huduma na majibu ya maswali ya wagonjwa zinatosha. Tumsikize nani?"

Nianze na kijana, maana hajaota. Ukimuuliza mtu wa hapa anaishi wapi, hakwambii Nakuru. Anakwambia Lanet au Shabab. Jino likimuuma usiku, wako watakaoandika kwenye simu "dentist lanet" badala ya "dentist nakuru". Maneno ya mtaa hayana wagombea wengi, na ukurasa wenye jina hilo kwenye kichwa unaweza kutokea mapema chini ya ramani ya matokeo ya Google. Hiyo ni hoja halali.

Shida inaanzia kwenye ramani yenyewe. Google wenyewe wanaeleza kwamba matokeo ya eneo hupangwa kwa mambo matatu: biashara inalingana vipi na kilichoulizwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali hauandikiki. Kliniki yenu iko mjini, na ukurasa wa Kiamunyi hauwezi kuihamisha hata mita moja kwenda Kiamunyi. Mtu aliyeketi nyumbani kwake huko akitafuta daktari wa karibu, kliniki iliyo pale itakuwa na faida ambayo nyinyi hamuwezi kuinunua kwa maneno.

Sasa fanya jaribio dogo. Chukua ukurasa wa Lanet alioandika kijana, kila palipo na "Lanet" weka "Kiamunyi", kisha usome. Kama hakuna sentensi iliyogeuka kuwa uongo, hamna kurasa mbili. Mna mmoja uliobadilishwa jina. Kurasa za namna hiyo, zinazotofautiana jina la eneo tu na kumpeleka msomaji mahali pamoja, zimetajwa katika sera za Google dhidi ya spam. Adhabu yenyewe ni nadra kwa biashara ndogo. Kinachotokea mara nyingi ni kimya. Miaka iliyopita niliandikia duka moja kurasa 12 za mitaa, nikangoja. Kwenye Search Console, zana ya Google inayoonyesha tovuti yako inavyosomwa na kutafutwa, nyingi zikabaki zimeandikwa "Crawled - currently not indexed": zimesomwa, zikaachwa. Mteja alinilipa kwa kurasa 12 na akapata mbili. Bado naona aibu kidogo.

Lakini mwenzako naye asishangilie mapema. Kurasa za huduma za kawaida, "kung'oa jino", "kusafisha meno", zilizonakiliwa nusu kutoka kwa kliniki ya nchi nyingine, hazina tofauti na za kijana. Hizo nazo ukibadilisha Nakuru ukaweka Mombasa, hakuna kinachoharibika.

Nakuru ina swali lake lenyewe, na mpokezi wenu bila shaka analisikia: "Mwanangu meno yake ni ya kahawia na anapiga mswaki kila siku, shida ni nini?" Maji mengi ya visima katika Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, yaani hadi kama miaka 8 hivi, meno yanaota na madoa meupe, na kwa wengine yanageuka kahawia. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kisichofaa kuzidishwa ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji hakusaidii, kwa sababu maji yanapungua kwa mvuke na floridi inabaki sufuriani. Mswaki nao hauondoi doa lililo ndani ya jino.

Huo ndio ukurasa wa kuandikwa kwanza, na unaweza kujazwa na daktari wenu tu. Aeleze doa la juujuu husuguliwa vipi, lile la ndani hufunikwa kwa kitu gani, mgonjwa aje mara ngapi, na bei inaanzia wapi hadi wapi. Aseme pia kwamba meno ya mtu mzima yakishaota, kubadilisha maji hakuyarudishi meupe, ila kunamsaidia mtoto mdogo wa nyumba hiyo. Mtu mwenye shida hiyo yuko Njoro, yuko Gilgil, na kwa huduma kama hii atapanda matatu aje mjini. Hapo umbali unapungua nguvu, si kwa sababu ramani imebadilika, bali kwa sababu aliyeuliza hatafuti kliniki ya jirani.

Msiingie mtego wa kutaja mtaa gani una maji mabaya. Visima viwili vya eneo moja vinaweza kutofautiana, na bila kipimo cha maabara mtakuwa mnakisia hadharani.

Majina ya mitaa basi yaende wapi? Yaende palipo na jibu linalobadilika kwa mtaa. Kwa mgonjwa wa kliniki, hilo ni njia tu: anashukia steji gani, anatembea dakika ngapi, jengo lina lifti au mama mwenye magoti mabovu atapanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Weka yote kwenye ukurasa mmoja wa "Jinsi ya kufika", aya moja kwa anayetoka upande wa Lanet, nyingine kwa anayetoka Kiamunyi. Jina la mtaa limetajwa, na limetajwa kwa kazi.

Kama mngekuwa mnauza gesi, ningemuunga kijana mkono zaidi. Muuza gesi ndiye anayekwenda kwa mteja. Ada ya kupeleka mtungi Free Area si ile ya Lanet, na muda si ule. Ukurasa wa mtaa hapo una habari yake.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa tovuti huwa hawalitaji wakati wa kutoa bei: nani atazirekebisha hizo kurasa. Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Kliniki yenye jibu la bima mahali pamoja ilibadilisha mstari mmoja. Yenye kurasa 24 ilibadilisha 24, au ikasahau tisa, na mgonjwa akafika dirishani akiamini alichokisoma.

Maswali yenyewe msiyatunge. Mpeni mpokezi daftari kwa wiki mbili, aandike kila swali la simu na la WhatsApp kama lilivyotamkwa, bila jina wala namba ya mtu. "Kung'oa ni pesa ngapi na naweza kurudi kazini siku hiyo?" ni kichwa kizuri kuliko chochote nitakachobuni mimi. Jibu liende ndani ya ukurasa wa huduma husika, si kwenye rundo la maswali mwisho wa tovuti.

Kama kijana ameshapandisha zile 24, msizifute kwa hasira. Fungueni Search Console, sehemu ya "Performance", mwangalie miezi mitatu. Ukurasa ulioleta wasomaji ubaki na upewe habari ya kweli ya mtaa huo. Zilizobaki zielekezwe kwenye ukurasa wa huduma unaofanana nazo, mstari mmoja kwa kila ukurasa. Kwenye seva ya Apache, faili ya `.htaccess`:

```
Redirect 301 /meno-kiamunyi/ /kungoa-jino/
```

Kijana ataifanya kwa nusu saa. Muulizeni pia alipanga kuandika nini kwenye ule wa Section 58 ambacho hakimo kwenye ule wa Free Area.