Cheti kimo kabatini, jina halimo daftarini

"Cheti ninacho mkononi, muhuri upo, sahihi mbili zipo. Daftari la nini tena?"

Hoja hii ina uzito wake. Katika kampuni binafsi nyingi za Unguja na Pemba, cheti cha hisa ndiyo karatasi pekee anayokabidhiwa mwanahisa. Daftari la wanachama, yaani kitabu cha kampuni chenye majina ya wenye hisa, hajapata kuliona. Liko kwa katibu wa kampuni, au limo ndani ya kompyuta ya kijana wa familia inayoendesha biashara. Mtu akiuliza kwa nini aamini kitabu kinachoandikwa na wale wale anaogombana nao, ameuliza jambo la maana.

Hata hivyo, naona cheti kinabebeshwa kazi isiyo yake. Katika mfumo wa sheria za kampuni tulioupokea kutoka kwa Waingereza, ukiacha waanzilishi waliosaini nyaraka za kuunda kampuni, mtu huwa mwanachama pale anapokubali kuwa mwanachama na jina lake likaandikwa daftarini. Cheti hufuata nyuma. Ni kauli ya kampuni kwamba, kufikia tarehe hiyo, fulani ameandikwa kuwa na hisa kadhaa. Cheti na daftari vyote ni ushahidi wa awali, yaani huaminiwa mpaka atokee mwenye ushahidi wa kuvipinga. Lakini kura, gawio na mwaliko wa mkutano huenda kwa aliyemo daftarini.

Tuseme mzee mmoja wa Wete, baada ya msimu mzuri wa karafuu, alinunua hisa 240 katika kampuni yenye hisa 1,000 inayoendesha nyumba ya wageni Jambiani. Muuzaji ni mmoja wa wanahisa wa mwanzo. Fedha zikalipwa, mkurugenzi na katibu wakasaini cheti kipya kwa jina la mzee, naye akakifungia kabatini. Mzee alipofariki, watoto walivuka kwenda Unguja na cheti chao. Wakaambiwa daftari linamwonyesha muuzaji bado ana hisa zake 240, na jina la baba yao halimo.

Hapa wengi husema moja kwa moja kwamba ni wizi. Yawezekana. Mara nyingi, lakini, ni hatua zilizorukwa. Fomu ya kuhamisha hisa ilitakiwa isainiwe na ilipiwe ushuru wa stempu. Bodi ilitakiwa iipokee na kuikubali, kwa sababu kanuni za kampuni binafsi huweka mipaka ya kuhamisha hisa: wanahisa waliopo hupewa nafasi ya kununua kwanza, na mara nyingi wakurugenzi wanaweza kukataa mgeni. Kisha cheti cha muuzaji hurudishwa na kufutwa, jina la mnunuzi huandikwa, na mwisho kabisa hutolewa cheti kipya. Kwa mzee wetu walianzia mwisho. Pengine wale wanahisa wengine hawakupata hata kuulizwa, na daftari likikaa kimya linawalinda wao pia. Upande huu wa daftari hausemwi sana. Tunaliona kama ngao ya wakurugenzi, tukasahau kwamba linamkinga kila mwanahisa dhidi ya hisa zinazouzwa chochoroni.

Jumlisha vyeti vilivyo mitaani. Cha muuzaji hakikufutwa, 240. Cha mzee, 240. Vya wanahisa wengine, 760. Jumla ni 1,240 katika kampuni yenye hisa 1,000. Kila cheti kina muhuri na kila mwenye nacho anaapa ni halali, nazo hisa 240 hazipo. Daftari halifichi kasoro ya namna hii, kwa kuwa kila ukurasa una jina, idadi, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, na jumla ya walio hai humo lazima ilingane na hisa zilizotolewa. Vyeti vimetawanyika makabatini mwa watu, hakuna anayeviona vyote kwa pamoja. Ndiyo maana hesabu hii naithamini kuliko muhuri wowote.

Ubaya haukomei hapo. Muuzaji naye akifariki, warithi wake watalikuta jina lake daftarini na cheti chake ndani ya kasha. Wakimuuzia mtu wa tatu asiyejua lolote, naye akafuata hatua zote na kuandikwa, mtu huyo anaweza kuwashinda watoto wa mzee, ingawa baba yao alilipa kwanza. Haki ya mzee ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa haki dhidi ya muuzaji, haijakamilika mbele ya kampuni.

Je, cheti ni karatasi tupu? Hapana. Mwaka 1868 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya kampuni ya reli ya Bahia na San Francisco. Hisa za mwanamke mmoja zilihamishwa kwa sahihi ya kughushi, kampuni ikawapa vyeti wahamishiwa, na watu wengine wakanunua kwao kwa kuviamini vyeti hivyo. Mwenye hisa alirudishwa daftarini, na kampuni ikawalipa fidia wale wanunuzi, kwa kuwa haikuruhusiwa kukana kauli iliyomo katika vyeti vyake. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila hoja yake ina nguvu. Cheti humbana aliyekitoa, na mwenye kukitegemea akaumia anaweza kulipwa. Ila hata hapo aliyeondoka na hisa ni yule aliyerudishwa daftarini. Wenye vyeti waliondoka na fedha. Tena ulinzi huo una mpaka: mwaka 1906, katika kesi ya Great Fingall, cheti kilichoghushiwa na katibu kwa faida yake hakikuifunga kampuni.

Kwa hiyo watoto wa mzee wasikitupe cheti, bali wakitumie panapostahili. Kwanza apatikane msimamizi wa mirathi, maana kampuni haina sababu ya kuzungumza na mrithi mmoja mmoja. Kisha Mahakama Kuu iombwe kurekebisha daftari, cheti kikiwa mbele na nyuma yake fomu ya uhamisho, risiti ya ushuru na muhtasari wa kikao cha bodi. Bila hivyo vya nyuma, cheti hubaki kikijitetea peke yake. Wakati shauri likisubiri, waombe zuio la kuhamisha hizo 240, na walipate kabla warithi wa muuzaji hawajampata mnunuzi.

Wakishinda, mgao wenyewe ni mwepesi. Mjane anachukua thumuni, hisa 30. Zinabaki 210 kwa wavulana wawili na wasichana watatu, mvulana akipata mafungu mawili ya msichana: 60 kwa kila mvulana, 30 kwa kila msichana. Lakini mjane na mabinti wasiridhike na mgao ulioandikwa kwa kadhi huku kaka mkubwa ameandikwa peke yake kwa hisa 240. Kila mmoja awe na mstari wake daftarini, kwani gawio litafuata mstari huo.

Na anayenunua leo asichukulie orodha ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali kuwa ndiyo daftari. Orodha hiyo inaonyesha yale kampuni iliyowasilisha, na yanaweza kuwa yamepitwa na wakati. Abakize sehemu ya bei mpaka aonyeshwe vitu viwili: ukurasa wa daftari wenye jina lake na tarehe, na cheti cha zamani cha muuzaji kikiwa kimepigwa mhuri wa kufutwa.