Mama mdogo alitafuta wavu, tukampa dagaa, tukajipa 1.0

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kikao nikaambiwa kwamba marekebisho yangu yameharibu utafutaji wa duka letu la mtandaoni. Ushahidi ulikuwa namba moja ukutani: nDCG@5, alama ya 0 hadi 1 inayosema matokeo matano ya juu yamepangwa vizuri kiasi gani, ya swali "wavu wa dagaa" ilikuwa 1.0, baada ya mkono wangu imeshuka hadi 0.84. Marekebisho yakarudishwa nyuma kabla chai haijapoa. Nimejitahidi kunyamaza siku sita, zimetosha.

Swali hilo halikuokotwa hewani, ni la mama mdogo wangu. Ana mitumbwi miwili ya dagaa na soko lake ni Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Wanaojua dagaa wanajua kalenda yake: mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu na kudaiana, halafu giza likirudi kila mtu anataka kuwa ziwani usiku uleule. Zilikuwa zimebaki siku nne giza lirudi, na wavu wake mmoja ulikuwa umechanika kiasi cha kutoshoneka. Nikamwambia, kwa kiburi cha mtoto wa mjini, ajaribu duka letu la mtandaoni. (Jina silitaji. Bado nautaka mshahara.) Baada ya dakika kumi simu ikaita.

"Baba, hawa watu wako wananiuzia dagaa. Mimi dagaa ninao wa kumwaga. Nataka wavu."

Nikafungua mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa kamba ya wavu wa dagaa. Ya pili, maboya ya wavu wa dagaa. Ya tatu, naapa, wavu wa goli la mpira. Ya nne na ya tano, dagaa wakavu kwa kilo. Duka lina nyavu tatu za dagaa, za macho ya milimita 8, mpya, na zote tatu zilikuwa zimezama ukurasa wa pili.

Sababu yake haina uchawi. Wauzaji waliandika "nyavu za dagaa", mama mdogo akaandika "wavu wa dagaa". Kwa mtu yeyote aliyezaliwa huku hilo ni neno moja, ila injini yetu ya utafutaji iliwekwa kichambuzi cha Kiingereza, ambacho kazi yake ni kukata mikia ya maneno. Sisi tunabadilisha vichwa. Wavu na nyavu kwake ni vitu viwili visivyojuana, kama mbuzi na baiskeli. Nikaongeza mstari mmoja kwenye faili ya visawe, `wavu, nyavu`, nikajaza upya faharasa, nikatafuta tena. Kamba bado iko juu, lakini ya pili, ya tatu na ya nne sasa ni zile nyavu tatu, na ya tano ni maboya. Wavu wa goli umerudi uwanjani.

Haya ndiyo yaliyoitwa kuharibu.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo uozo ulipo. Tulishakubaliana alama: 3 kwa kitu chenyewe anachokitaka mteja, 1 kwa kinachohusiana, 0 kwa takataka. Orodha ya zamani, kutoka juu kwenda chini, ni 1, 1, 0, 0, 0. Orodha yangu ni 1, 3, 3, 3, 1. Mtoto wa darasa la tatu angekuambia ipi ni bora, ila sisi tuna kompyuta.

DCG, moyo wa nDCG, inachukua kila alama na kuigawa kwa logi, ya msingi wa 2, ya nafasi yake ikishaongezwa moja. Kitu cha nafasi ya kwanza kinalipwa chote, cha pili kinalipwa 0.63, cha tatu nusu, cha nne 0.43, cha tano 0.39. Mantiki yake ni ya sokoni kabisa: mteja anachoka kadiri anavyoshuka. Orodha ya zamani inapata 1 jumlisha 0.63, yaani 1.63. Yangu inapata 6.07. Mpaka hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye ile "n" ndogo. Ili maswali yalinganishike, DCG inagawanywa kwa DCG ya mpangilio bora kabisa unaowezekana kwa swali hilo, IDCG. Swali ni: unaowezekana kutoka wapi? Järvelin na Kekäläinen, Wafinlandi walioleta DCG mwaka 2000 na ile "n" mwaka 2002, walijenga mpangilio bora kutokana na vitu vyote vilivyopewa alama kwa swali hilo. Vyote. Hata vile ambavyo injini yako haikuvileta, na hasa hivyo. Kwa mama mdogo mpangilio bora ni 3, 3, 3, 1, 1, na IDCG yake ni 7.21.

Aliyeandika hati yetu ya kupima, yaani msimbo unaokokotoa alama, hakufanya hivyo. Alichukua matokeo matano yaliyorudi, akayapanga upya kutoka kubwa kwenda ndogo, akaita hayo ndiyo bora. Orodha ya 1, 1, 0, 0, 0 ukiipanga upya unapata 1, 1, 0, 0, 0. Kigawanyo ni 1.63, kinachogawanywa ni 1.63, jibu 1.0, hongera. Ni sawa na kumsahihisha mwanafunzi kwa kutumia majibu yake mwenyewe kama mwongozo. Na orodha yangu, kwa kosa la kuzileta nyavu, ikaongeza kigawanyo hadi 7.21, ikapata 0.84. Ningeacha nyavu ukurasa wa pili ningekuwa bado mfanyakazi bora wa mwezi.

Asiyeamini ajaribu mwenyewe:

```python
from sklearn.metrics import ndcg_score
# matokeo matano tu
ndcg_score([[1,1,0,0,0]], [[5,4,3,2,1]])   # 1.0
# pamoja na nyavu zilizoachwa chini
ndcg_score([[1,1,0,0,0,3,3,3]],
           [[8,7,6,5,4,3,2,1]], k=5)       # 0.226
```

Maktaba ya scikit-learn haina kosa. Imepewa vitu vitano, ikadhani dunia ina vitu vitano. Alama halisi ya orodha ya zamani ni 0.226. Ya kwangu ni 0.84 kwa njia zote mbili, kwa sababu safari hii vitu vyote vya maana vimo ndani ya tano. Kwa hiyo ukutani palistahili kuandikwa kupanda kutoka 0.23 hadi 0.84, pakaandikwa kushuka kutoka 1.0.

Namna ya kulikamata kosa hili ni rahisi hadi inauma. Chapisha kigawanyo cha kila swali, siyo jibu la mwisho tu. IDCG ni mali ya swali na alama zake, injini haina hisa humo. Ukibadilisha injini na kigawanyo kikabadilika, kipimo chako kimekufa, na wastani wake ni wastani wa maiti. Kwetu kilitoka 1.63 kwenda 7.21 kwa swali lilelile, na safu hiyo haikuwepo kwenye ripoti.

Kingine, weka P@5 pembeni. Hapa inanibidi nimeze mate, kwa sababu nimeicheka P@5 kwa miaka. Inahesabu tu mangapi kati ya matano yanafaa, haijali yamepangwaje. Ukihesabu chochote cha alama 1 na zaidi, orodha ya zamani ina 0.4 na yangu 1.0. Ukikaza, ukahesabu alama 3 peke yake, ya zamani ina sifuri na yangu 0.6. Kwa vyovyote vile kipimo hiki cha kishamba kilisema kweli siku ambayo kile cha kisomi kilidanganya. Ila ina upofu wake: haioni kwamba kamba imekaa juu ya nyavu, ambalo ni kosa halisi la orodha yangu na ndilo linaloninyima 1.0. Na duka likiwa na kabureta moja tu ya injini ya boti, ukaileta nafasi ya kwanza, P@5 yako haiwezi kuzidi 0.2. Ndiyo maana ile "n" ilibuniwa. Siichukii, nataka tu igawe kwa kitu cha kweli.

Najua mtakachoniuliza: alama za vitu ambavyo injini haikuvileta zinatoka wapi? Hilo swali ni zuri, na ofisini halikuulizwa. Huwezi kupima bidhaa elfu kadhaa kwa kila swali. Unachukua ishirini za juu za injini ya zamani, ishirini za juu za injini mpya, unaongeza zile anazozikumbuka mtu wa ghala, unachanganya, kisha anayetoa alama anazipima bila kujua kipi kimetoka kwa nani. Kapu hilo halijawahi kuwa kamili. Kisichopewa alama kinahesabiwa 0, kwa hiyo injini mpya ikichimbua kitu kizuri ambacho hakuna aliyekipima inaadhibiwa kwa uhodari wake. Mimi huhesabu vitu visivyopimwa ndani ya tano za juu kabla ya kulinganisha injini mbili. Vikiwepo, vinapimwa kwanza, ripoti inasubiri.

Na maswali yasiyo na jibu lolote dukani, sifuri gawa kwa sifuri? Hapo maktaba ya LightGBM inakupa 1, ya scikit-learn inakupa 0. Ukichanganya namba za hizo mbili kwenye chati moja, shauri yako.

Jana nilirekebisha hati na kuendesha upya maswali yote arobaini, kwa injini ile ile wanayoipenda. Wastani umeporomoka vibaya. Mkuu akaniandikia saa mbili usiku kuuliza nani amegusa utafutaji tena. Nimemjibu kwamba hakuna aliyegusa utafutaji, tumegusa rula. Hajajibu.

Mama mdogo alinunua wavu palepale Kirumba, kwa mtu anayemjua, akapunguziwa bei. Giza limeanza juzi.